Mama yuko wodini na ndege ni Jumamosi: jinsi ya kuomba tarehe nyingine

*Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo pale hospitali ya Bombo Jumapili, bado yuko wodini. Ana tiketi ya kwenda Maskati kwa dada yetu, kuondoka Dar Jumamosi hii tarehe 17 Oktoba na kurudi tarehe 15 Novemba. Mdogo wangu ndiye anayemsindikiza. Tiketi tulikata kwa wakala. Daktari katupa karatasi kwamba apumzike wiki mbili. Niwaandikie nini shirika la ndege, hiyo karatasi inatosha, na tarehe mpya niziombeje ili tusipoteze hela yote?*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Mfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi ya tiketi miaka mingi, na maombi ya namna hii nimeyaona yakikataliwa hata pale ambapo mgonjwa alikuwa mgonjwa kweli na barua ilikuwa ya kweli. Mara nyingi sababu ni kwamba familia ilisubiri barua ya daktari ikamilike ndipo iwasiliane na shirika, na barua ilipokamilika ndege ilikuwa imeshaondoka. Kwa hiyo kabla ya barua kuna jambo la kufanya leo hii.

Nafasi na tiketi ni vitu viwili. Nafasi ni jina la mama kwenye orodha ya abiria wa ndege ya Jumamosi, na hutambulika kwa ile namba fupi ya herufi na tarakimu sita inayoitwa PNR. Tiketi ni malipo yenyewe, yana namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi. Mtu wa tiketi anaweza kumwondoa mama kwenye ndege ya Jumamosi na tiketi ikabaki hai, inangoja tarehe nyingine. Lakini abiria asipotokea uwanjani bila kutoa taarifa huandikwa NO SHOW. Hapo tiketi nyingi za bei nafuu hupoteza thamani yote, au adhabu yake inakuwa kubwa kuliko ada ya kawaida ya kubadili tarehe. Zaidi ya hapo, vipande vya tiketi hutumika kwa mfuatano: cha kwenda kisipotumika, mfumo hufuta na nafasi ya kurudi. Watu wengi hudhani wakikosa kwenda watadai angalau ile ya kurudi, wakifika wanakuta hakuna kitu.

Kwa hiyo mpigie wakala leo, kisha umwandikie maneno hayohayo ili yabaki kwenye maandishi: "Naomba abiria hawa wawili waondolewe kwenye ndege ya tarehe 17 Oktoba kwa sababu ya ugonjwa. Tiketi zibaki wazi. Barua ya daktari na tarehe tunazoomba zinafuata." Omba akujibu kwa maandishi kwamba nafasi zimeachiwa, na umuulize hali ya tiketi ikoje. Kwenye skrini yake kila kipande kinapaswa kusomeka OPEN FOR USE. Kikisomeka hivyo, una muda wa kutengeneza barua vizuri bila kukimbizana na saa.

Usiingie mwenyewe kwenye tovuti ukabonyeza kitufe cha kufuta safari. Kwenye mifumo mingine kitufe hicho hakiachii nafasi tu, kinaanzisha marejesho ya fedha kwa masharti ya nauli mliyonunua, na kwa nauli nyingi za bei ya chini marejesho ni kodi chache tu au sifuri. Tiketi ikishasomeka REFUNDED haina tarehe ya kubadilishwa tena. Jambo jingine dogo: mashirika mengi huruhusu kuchekini mtandaoni kuanzia saa 48 au saa 24 kabla ya safari. Kama mdogo wako ana haraka ya mambo, mwambie asichekini. Abiria aliyekwisha kuchekini lazima kwanza aondolewe kwenye orodha ya waliopokelewa ndipo tiketi yake iguswe, na siku ya safari kila mtu uwanjani ana shughuli zake.

Angalia kalenda pia. Kesho Jumatano tarehe 14 ni Nyerere Day, ofisi nyingi za mjini zitakuwa zimefungwa. Usipompata wakala leo, una Alhamisi na Ijumaa tu, na mtu wa Tanga kwa kawaida angepanda basi Ijumaa kwenda kulala Dar. Wakala asipopokea simu kabisa, piga kituo cha simu cha shirika lenyewe. Huenda wakakuambia tiketi ya wakala hubadilishwa na wakala, na kwa upande wa malipo wako sahihi, kwa sababu fedha zenu zilipita kwake na jina lake ndilo liko kwenye tiketi kama mtoaji. Lakini kuachia nafasi kwa sababu ya ugonjwa wanaweza kukusaidia. Chukua jina la uliyeongea naye na saa, na uombe aandike maelezo hayo ndani ya PNR.

Sasa tuje kwenye karatasi uliyonayo. "Apumzike wiki mbili" inamfaa mtu anayeomba ruhusa kazini. Afisa wa shirika la ndege anatafuta jibu la swali tofauti: je, daktari anasema mtu huyu hawezi kusafiri kwa ndege, kuanzia lini mpaka lini? Karatasi ya mapumziko haisemi hivyo, na ile ya ruhusa ya kutoka wodini nayo haisemi. Inaeleza alilazwa lini na alifanyiwa nini, halafu inaishia kwenye dawa. Nimeona zote mbili zikirudishwa, si kwa ubaya, ila afisa anayepitisha msamaha wa ada ya kubadili tarehe hana sentensi ya kuegemea.

Rudi Bombo, umuone daktari aliyemhudumia mama au msaidizi wake wodini, umwombe barua mahususi kwa ajili ya safari. Iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha hospitali, na iwe na tarehe iliyoandikwa kabla ya tarehe 17. Barua ya baada ya ndege kuondoka inaweza kupokelewa, lakini inaanza na maswali. Mwishoni pawe na jina kamili la daktari, cheo, sahihi, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, mhuri wa hospitali na namba ya simu ya hospitali. Hiyo simu ina kazi yake, maana wako wanaopiga kuhakiki. Usikubali mtu akushauri kwenda kutengenezewa barua mahali pengine eti ni haraka zaidi. Ikigundulika ni ya uongo unapoteza tiketi na kuaminiwa kwa pamoja.

Jina ndilo hukwamisha watu wetu kuliko chochote. Faili la hospitali huandikwa haraka usiku, mgonjwa anatajwa kwa majina mawili, au kwa jina analoitwa nyumbani, au la mume. Tiketi ina majina ya pasipoti. Kama pasipoti ya mama inasema Mwanahamisi Juma Salimu na faili linasema Mwana Juma, mwombe daktari aandike la pasipoti kisha aongeze namba ya faili. Beba nakala ya pasipoti umwonyeshe. Tarehe ya kuzaliwa nayo iandikwe, inaondoa shaka hata herufi moja ikipishana.

Ndani ya barua sentensi inayofanya kazi iko hivi: mgonjwa alilazwa tarehe 11 Oktoba 2026, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, kwa maoni yangu ya kitabibu hafai kusafiri kwa ndege kuanzia tarehe 11 Oktoba hadi tarehe fulani, na anatarajiwa kuwa tayari kusafiri kuanzia tarehe fulani. Hizo tarehe mbili za mwisho ndizo roho ya barua. "Mpaka atakapopona" haimsaidii afisa, hawezi kuiweka kwenye kalenda. Na si lazima barua ieleze kila kilichoonekana tumboni. "Upasuaji wa tumbo" inatosha kwa ombi la kubadili tarehe. Ugonjwa wa mama ni siri yake, na barua hiyo itapita mikononi mwa watu kadhaa.

Kuhusu siku ngapi, daktari ndiye mwenye neno, lakini ni vizuri ujue kwa nini ndege ina hesabu yake. Ndani ya ndege iliyo juu, hewa huwa nyepesi kama ya mlimani, inaweza kufika sawa na mwinuko wa mita 2,400 hivi. Kwenye hewa hiyo gesi iliyo ndani ya mwili hutanuka kwa karibu theluthi moja. Utumbo uliotoka kuguswa na kisu unakuwa na gesi, na mshono ungali mbichi. Ndiyo maana miongozo ya afya ya safari za anga hutaka kama siku 4 hadi 5 baada ya upasuaji mdogo wa tumbo, na siku 10 hivi baada ya upasuaji mkubwa, mambo yakienda vizuri. Kama kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, au kidonda kimepata usaha, hesabu inaongezeka. Jumamosi ya tarehe 17 ingekuwa siku ya sita tu.

Halafu mkumbushe daktari kitu ambacho shirika la ndege halikijui: mama haanzii safari uwanja wa ndege. Anaanzia Tanga. Kuna kilomita 350 hivi za basi kupitia Segera na Chalinze, saa tano au sita za kukaa kitako na matuta ya barabarani, ndipo afike Dar kusubiri ndege. Daktari akifikiria ndege peke yake anaweza kusema siku 10. Akifikiria na basi, na mabegi, na umri wa mama, huenda akasema wiki tatu. Tuseme ameandika kwamba hafai kusafiri hadi tarehe 31 Oktoba na anatarajiwa kuwa tayari kuanzia tarehe 1 Novemba. Nitaendelea na mfano huo.

Hapo ndipo tarehe mpya zinapotoka. Makosa mawili hurudia sana. La kwanza ni kuomba tarehe iliyo ndani ya muda ambao barua inasema hafai. Mtu anaona nafasi nzuri ya tarehe 28 Oktoba anaiomba, wakati barua yake mwenyewe inasema tarehe 31. Afisa akiona hivyo ana haki ya kujiuliza kama kuna ugonjwa kweli, na hata akikubali, mama atazuiwa kwenye kaunta. La pili ni kuandika "tarehe yoyote mwezi wa kumi na moja". Unadhani unamrahisishia, kumbe unamwachia kazi ya kubahatisha. Atachagua siku moja, utaikataa, mtaanza upya, na bei itakuwa imesogea.

Toa tarehe tatu kwa mpangilio wa unavyopendelea, kila ya kwenda ikiambatana na ya kurudi, kisha utaje muda ambao siku yoyote ndani yake mnaikubali. Usianze na tarehe 1 Novemba yenyewe. Acha siku chache za akiba, kwa sababu homa moja tu au kidonda kuchelewa kukauka kitawarudisha mwanzo, na msamaha wa pili haupatikani kirahisi. Safari yenu ya awali ilikuwa ya siku 29, tarehe 17 Oktoba hadi 15 Novemba. Jaribu kubaki kwenye urefu huohuo, maana baadhi ya nauli zina kikomo cha siku za kukaa, na ukizidisha unaingia kwenye nauli nyingine kabisa. Kwa hiyo chaguo la kwanza ni kwenda Jumamosi 7 Novemba na kurudi Jumapili 6 Desemba. La pili ni kwenda Jumanne 10 Novemba na kurudi Jumatano 9 Desemba. La tatu ni kwenda Jumamosi 14 Novemba na kurudi Jumapili 13 Desemba. Baada ya hapo usisogee sana kama unaweza. Desemba ikikaribia sikukuu viti vya bei ya chini huisha mapema.

Kabla ya kuzituma, linganisha na viza ya mama na ya mdogo wako: siku ya mwisho ya kuingia, na siku wanazoruhusiwa kukaa. Shirika halitakukumbusha hilo wakati wa kubadilisha, litakukumbusha kwenye kaunta.

Tahadhari nyingine ni ya usiku. Ndege nyingine huondoka baada ya saa sita za usiku. Ikiandikwa 00:35 tarehe 6 Desemba, hiyo ni usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na dada yenu anapaswa kuwapeleka uwanjani Jumamosi jioni. Watu wetu husema "usiku wa Jumapili" kila mmoja akiwa na maana yake. Kwenye barua andika tarehe kwa tarakimu, mwezi kwa jina, na saa kama ilivyo kwenye tiketi.

Barua yenyewe iwe fupi. Afisa anasoma nyingi kwa siku, na anachotaka ni kuona namba, sababu, kiambatisho na ombi. Mwandikie wakala na uweke nakala kwa ofisi ya shirika iliyoko Dar. Ofisi ya Dar itasoma Kiswahili bila shida. Ikibidi kupeleka makao makuu ya shirika nje ya nchi, mtu akutafsirie kwa Kiingereza kwa mpangilio uleule. Kichwa cha baruapepe kiwe na PNR, tarehe ya safari na neno ugonjwa. Mimi ningeiandika hivi:

"Ombi la kubadili tarehe kwa sababu ya ugonjwa, PNR (namba yenu), safari ya 17 Oktoba 2026.

Ndugu Afisa,

Ninaandika kwa niaba ya mama yangu, (majina kama yalivyo kwenye pasipoti), tiketi namba (tarakimu 13), na mdogo wangu (majina), tiketi namba (tarakimu 13), anayesafiri kumsindikiza. Wanatarajiwa kusafiri Dar es Salaam kwenda Maskati tarehe 17 Oktoba 2026 na kurudi tarehe 15 Novemba 2026.

Mama alilazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, tarehe 11 Oktoba 2026 na amefanyiwa upasuaji. Daktari wake amethibitisha kwamba hafai kusafiri kwa ndege hadi tarehe 31 Oktoba 2026. Barua ya daktari imeambatishwa. Nafasi za tarehe 17 Oktoba ziliachiwa tarehe 13 Oktoba kupitia wakala wetu.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, ada ya kubadili tarehe isamehewe kwa abiria wote wawili kwa sababu ya ugonjwa. Pili, wapangiwe tarehe mojawapo kati ya hizi, kwa daraja lilelile la nauli kama nafasi ipo: kwenda 7 Novemba, kurudi 6 Desemba, au kwenda 10 Novemba, kurudi 9 Desemba, au kwenda 14 Novemba, kurudi 13 Desemba. Zisipopatikana, siku yoyote ya kwenda kati ya 5 na 16 Novemba itatufaa, kurudi kabla ya 16 Desemba.

Kama kuna kiasi cha kulipa, tunaomba tuelezwe kabla ya tiketi kubadilishwa: ada ni kiasi gani na tofauti ya nauli ni kiasi gani kwa kila abiria.

Wako, (jina, uhusiano, namba ya simu)."

Usiongeze historia ya ugonjwa, wala jinsi mlivyohangaika kupata fedha za tiketi. Najua inauma na unatamani mtu aelewe, lakini anayeamua anapima barua ya daktari na masharti ya nauli.

Mdogo wako nimemweka kwenye sentensi ya kwanza makusudi. Msamaha wa mgonjwa haumfuniki mwenzake hivihivi. Mashirika mengi humfikiria ndugu wa karibu anayesafiri naye, hasa wakiwa kwenye PNR moja. Wakiwa kwenye PNR mbili tofauti, taja zote mbili na uwe tayari kutoa cheti cha kuzaliwa kuonyesha undugu. Usipomtaja sasa, mama atapewa tarehe 7 Novemba na kijana atabaki na tarehe 17 Oktoba.

Barua ya daktari usiipige picha kitandani chini ya taa ya chumbani. Mhuri wa rangi ya buluu juu ya sahihi ya buluu ukipigwa picha vibaya hausomeki, ukishapitia WhatsApp mara mbili ndiyo basi. Nenda steshenari ya karibu waskani kwa rangi, ukurasa mzima hadi kingo, faili la PDF moja, na faili hilo uliite kwa jina la mama pamoja na PNR. Karatasi halisi itunze, mama ataihitaji.

Kwenye fedha, elewa unachoomba kusamehewa. Kubadili tarehe kuna gharama hadi tatu. Kuna ada ya kubadili, ambayo ni adhabu iliyo kwenye masharti ya nauli. Kuna tofauti ya nauli, kama siku mpya viti vya bei yenu vimeisha. Na kuna ada ya huduma ya wakala. Barua ya daktari kwa kawaida huondoa ile ya kwanza peke yake. Tuseme ada ni dola 100 kwa kila tiketi, na tarehe 7 Novemba daraja lenu limejaa, lililopo linazidi kwa dola 60. Bila msamaha mngelipa dola 320 kwa wawili. Kwa msamaha mnalipa 120, ukiongeza ya wakala. Lakini kama tarehe 10 Novemba daraja lenu bado lipo, tofauti inakuwa sifuri, na hapo chaguo la pili linakuwa bora kuliko la kwanza. Ndiyo faida ya kutoa tarehe tatu na kuuliza bei kabla ya kukubali. Wakala akikutajia jumla moja tu, mwombe aichambue. Yeye anaiona kwenye skrini.

Niseme wazi pia kwamba huu ni msamaha, si haki ya kisheria. Abiria akiugua kabla ya safari, shirika halijakosea, na linaweza kushikilia masharti ya nauli. Likikataa kusamehe ada, uliza mambo mawili: je, tiketi inaweza kubaki wazi mkalipa ada baadaye tarehe ikishajulikana, maana tiketi ambayo haijaanza kutumika kwa kawaida huwa na uhai wa mwaka mmoja tangu kutolewa, na kama hamtasafiri kabisa, kodi za viwanja ambazo hazijatumika zinarudishwa kiasi gani. Lalamiko la kwamba hujajibiwa kabisa, au uliahidiwa kwa maandishi halafu ikageuzwa, unaweza kulipeleka kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya mfumo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kukataliwa kwa mujibu wa masharti ya nauli si lalamiko la kushinda.

Hali ni tofauti kidogo mtu akiugua akiwa ameshaanza safari. Masharti ya kawaida ya mashirika mengi yana kipengele kwamba abiria aliyeugua katikati ya safari, akiwa na cheti cha daktari, uhai wa tiketi yake unaweza kuongezwa hadi atakapofaa kusafiri, na ndugu wa karibu walio naye huongezewa vilevile. Ikitokea mama akapata shida akiwa Maskati, dada yenu atafute barua ya daktari wa huko kwa sura hii hii, na aachie nafasi kabla ndege haijaondoka.

Ukijibiwa kwamba tarehe 7 Novemba imekubaliwa, usipokee ratiba tu. Mara nyingine nafasi imeshapangwa upya ila tiketi haijaunganishwa nayo. Ratiba ina majina na tarehe sahihi, mtu anafurahi, anafika uwanjani anaambiwa hana tiketi ya siku hiyo. Mwombe wakala akutumie tiketi ya kielektroniki yenyewe, ya kila abiria, na usome vitu vitatu: namba ya tarakimu 13 ipo, tarehe mpya za kwenda na kurudi zipo kwenye tiketi hiyohiyo, na vipande vyote viwili ni OPEN FOR USE. Namba ya tiketi inaweza kuwa mpya kabisa kama imetolewa upya. Hilo ni jambo la kawaida, ilimradi tarehe ziko juu yake. Ile ya zamani iweke pembeni isije ikachapishwa kwa makosa.

Kisha inabaki barua ya pili. Mmeshawaambia kwamba mama alikuwa mgonjwa, na hilo limeandikwa ndani ya PNR. Wanaweza kutaka uthibitisho kwamba sasa anafaa kusafiri, ama barua ya kawaida ya daktari, ama fomu yao iitwayo MEDIF ambayo daktari hujaza. Uliza mapema ni ipi wanayotaka, na wanaipokea ikiwa ya siku ngapi kabla ya safari. Mrudishe mama kliniki kwenye wiki ya mwanzo ya Novemba, kidonda kiangaliwe, barua iandikwe siku hiyo. Akisafiri aibebe mkononi pamoja na pasipoti na ile barua ya kwanza. Na mwambie wakala aweke ombi la kiti cha magurudumu tangu sasa. Hakilipiwi, na kutoka mlangoni mwa jengo la tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi lango la ndege ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye mshono wa wiki nne.